Barua ya Katibu wa Kijiji: Deni la Bati Ng'ambo ya Ziwa, 1975–1976

Ukisimama Kalemie asubuhi isiyo na ukungu, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kunaonekana milima ya mkoa wa Kigoma. Watu wa pande hizi wanaijua pwani ile. Wengine walivuka wakati wa vita vya Simba katika miaka ya 1960, wengine walikwenda kwa uvuvi na biashara ya dagaa, na wako waliosomesha watoto wao kule. Wengi waliosoma kule wanakumbuka jengo la namna moja: madarasa mawili ya tofali za kuchoma, ofisi ndogo ya mwalimu pembeni, na bati zilizopigiliwa kwa awamu, nusu zina kutu na nusu bado zinang'aa. Watoto hawakuuliza kwa nini bati hazilingani. Sababu yake iko katika barua.

Katika miaka ile kijiji cha Tanzania kilikuwa na mwenyekiti na katibu. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ilisema kwamba mwenyekiti na katibu wa tawi la TANU ndio watakuwa mwenyekiti na katibu wa kijiji. Halmashauri ya kijiji ilikuwa na watu wasiozidi 25, na moja ya kamati zake ilishughulikia elimu. Kijiji kikishaandikishwa, halmashauri ilikuwa na nafsi ya kisheria: iliweza kumiliki mali, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Kwa mtu aliyezoea kapita wa huku kwetu, ambaye alipokea amri kutoka teritwari na kuipeleka chini, hilo lilikuwa jambo geni. Katibu wa kijiji hakuwa mtumishi wa ofisi ya wilaya. Alikuwa mkulima au mvuvi anayejua kusoma na kuandika, ana daftari, kalamu, karatasi ya kaboni na muhuri.

Katibu wa simulizi hii hana jina, na kijiji chake pia hakina. Ni mfano uliojengwa kwa utaratibu wa miaka ile, kwenye pwani ya kusini mwa mji wa Kigoma, ambako barabara haikufika na mzigo ulikuja kwa meli ya Liemba. Meli ilisimama majini na mitumbwi ikaufuata mzigo. Mambo yaliyomkuta yaliweza kumkuta katibu yeyote wa pwani hiyo.

Ili kuelewa barua yake ni lazima kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1972 serikali ya Mwalimu Nyerere ilileta mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya, zilizokuwa na madiwani wa kuchaguliwa, zilivunjwa. Mahali pake pakawekwa wakurugenzi wa maendeleo, mmoja mkoani na mmoja kila wilaya, na chini yao maofisa wa elimu, ujenzi, kilimo na fedha. Kila mkoa ulipewa fungu lake katika bajeti ya taifa. Mwaka huohuo wa 1972 Operesheni Kigoma ilianza kuwahamisha watu waliotawanyika na kuwaweka kwenye vijiji vya pamoja. Kisha, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Mpango wa zamani ulikuwa umeweka lengo hilo mwaka 1989. Miaka 12 ilikatwa kwa azimio moja.

Ikawa hivi: watu wamehamishiwa mahali pasipo na shule, na serikali imeahidi shule kwa wote ndani ya miaka 3. Pesa ya kujenga yote hiyo haikuwepo. Ukame wa 1973 na 1974 ulikuwa umekula akiba ya taifa kwa kununua chakula nje, na bei ya mafuta ilikuwa imepanda. Njia iliyobaki ni ile iliyokuwa ikitumika tangu uhuru, yaani kujitegemea kwa kugawana mzigo. Kijiji kitatoa nguvu, tofali, mawe, mchanga, maji na kuni. Serikali itatoa vitu ambavyo mwanakijiji hawezi kuvitengeneza: saruji, bati, misumari, bawaba, na pesa ya fundi mwashi na seremala.

Katika mgawanyo huo kulikuwa na tatizo ambalo halikuonekana siku ya mkutano. Sehemu ya kijiji ilitolewa kwanza, na ilitolewa kwa mikono bila karatasi. Sehemu ya serikali ingekuja baadaye, na mpaka ifike ilikuwa karatasi tupu. Kijiji kikishachoma tofali, hakiwezi kuzirudisha kuwa udongo. Ofisi ikichelewesha bati, haipotezi kitu.

Kijiji cha katibu wetu kilianza Juni 1975, mvua zilipokwisha. Kilikuwa na kaya 250. Mkutano ulikubaliana kila kaya itoe mtu mmoja, siku moja kwa juma. Huku Zaire wakati huo kazi ya namna hiyo iliitwa salongo, na wengi wa wasomaji wanajua ilivyofanywa kwa kusukumwa. Kule nako kulikuwa na kusukumwa, asiyetokea alitozwa kuku, lakini shule ilikuwa kitu ambacho watu wenyewe walikitaka. Kazi ilichukua majuma 14, sawa na siku-kazi 3,500. Wanawake walibeba maji na mchanga kutoka ziwani. Wanaume walikanyaga udongo, wakapiga tofali kwa kibao, wakakata kuni na kujenga tanuri. Jengo la madarasa mawili ya mita 8 kwa 6, lenye ukuta wa upana wa tofali nzima, linahitaji kama tofali 18,000 ukihesabu zinazovunjika na zile za pembeni mwa tanuri zisizoiva.

Katika mambo yote aliyofanya katibu, lililomsaidia zaidi baadaye lilikuwa la mwezi huo wa Juni, wakati hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Kila siku ya kazi aliandika katika daftari majina ya waliokuja, na kila tanuri lilipofunguliwa alihesabu tofali nzima mbele ya watu wawili waliotia sahihi. Vijana walimcheka. Walisema tofali zinaonekana kwa macho, za nini kuziandika? Lakini bwana aliyekaa mezani Kigoma mjini hazioni tofali. Ataona daftari.

Kufikia mwisho wa Septemba kuta zilikuwa zimefika kwenye linta. Fundi mwashi alikuwa ametoka kijiji kingine na amelipwa malipo ya kwanza kutoka mfuko wa kijiji, kwa ahadi kwamba pesa ya ujenzi kutoka wilayani itamalizia. Seremala alikuwa amepasua mbao za kenchi na anadai. Na kuta zilijengwa kwa udongo badala ya saruji, kwa kuwa saruji ilikuwa haijafika.

Hapo ndipo hatari ilipo. Tofali ya kuchoma inavumilia mvua, ila udongo uliozishika hauvumilii. Ukuta usio na paa hunywa maji kutoka juu. Maji hushuka katikati, udongo unalainika, na ukuta unaanza kuvimba upande mmoja. Anayejua huangalia kwa kamba: anafunga kamba kona moja hadi nyingine na kutazama kama tumbo la ukuta linaigusa. Dalili nyingine ni mstari wa tope mbichi kwenye maungio asubuhi baada ya mvua. Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei. Kijiji kilifunika vichwa vya kuta kwa nyasi na majani ya migomba, kikaweka mawe juu, kikasubiri.

Barua ya kwanza ya katibu iliandikwa Oktoba 1975. Ilikuwa barua ya adabu sana. Ilisalimu, ikaeleza juhudi za wananchi, ikamalizia kwa kuomba ofisi ifikirie kuwasaidia bati na saruji. Majibu yalikuja baada ya majuma sita, mistari miwili: barua imepokelewa na suala linashughulikiwa. Kila aliyewahi kuandikia ofisi, upande wowote wa ziwa, anayajua maneno hayo. Hayana kosa lolote, na hayana tarehe.

Kosa la barua ya kwanza halikuwa adabu. Kosa lilikuwa neno kuomba. Mtu anayeomba msaada anaweza kujibiwa baadaye, au asijibiwe, na hakuna aliyevunja ahadi. Barua haikusema kwamba bati zilikwisha kuahidiwa, na ahadi hiyo iliandikwa wapi. Katibu aliligundua hilo alipokwenda mwenyewe Kigoma Januari 1976 na kukaa siku mbili kwenye benchi la ofisi. Karani mmoja mwenye huruma alimwonyesha jalada. Ndani ya jalada barua yake ilikuwa imewekwa pamoja na maombi mapya, yale ya vijiji vinavyotaka kuingizwa katika mpango wa mwaka ujao. Kumbe kijiji chake kilikuwa tayari katika mpango wa mwaka 1975/76. Ofisi moja ilikuwa na orodha, ofisi nyingine ilikuwa na barua, na hakuna aliyeziweka meza moja.

Safari ya pesa wakati ule ilikuwa ndefu. Ombi la kijiji lilipita kwenye kamati ya maendeleo ya kata, likaenda kwenye kamati ya wilaya, likaenda mkoani, na kutoka mkoani likaingia katika makisio yaliyopelekwa Dar es Salaam. Bunge lilipitisha bajeti mwezi wa Juni, na mwaka wa fedha ulianza Julai 1. Kisha idhini ya kutumia ilirudi kwa njia ileile, kutoka Hazina hadi mkoani, kutoka mkoani hadi wilayani. Kijiji hakikupewa pesa mkononi kwa ajili ya vifaa. Wilaya ilinunua na kuvisafirisha. Saruji nayo ilisafiri. Kiwanda cha saruji cha nchi kilikuwa Wazo Hill, Dar es Salaam. Bati zilitoka Dar es Salaam pia. Vyote vilikuja kwa reli ya kati, zaidi ya kilomita 1,200, na vijiji vya nchi nzima vilikuwa vinavitaka kwa wakati mmoja kwa sababu ya azimio la Musoma. Si haki kusema kila ucheleweshaji ulikuwa wizi. Mara nyingi makisio yalifanywa kwa bei ya mwaka uliopita, na pesa ya bati 100 ikafika wakati inanunua bati 80.

Lakini palikuwa na tarehe moja iliyowabana wote, Juni 30. Fungu ambalo halijatumika mpaka siku hiyo lilirudi Hazina, na kijiji kikaanza tena kwenye foleni. Ofisa aliyechelewa hakuumia. Mwaka mpya ungemletea fungu jipya na orodha mpya. Walioumia ni wale ambao kuta zao zingeingia kwenye mvua ya pili.

Machi 1976 kamba iligusa tumbo la ukuta wa mashariki. Halmashauri ya kijiji ilikaa. Wazee wawili walishauri uende ujumbe wa watu na mbuzi. Fundi mwashi alikuwa amekwisha kuondoka na mwiko wake, akisema atarudi akiona pesa. Katibu aliomba kitu kimoja tu: kikao kiamue, na uamuzi uandikwe katika muhtasari wenye namba, ili barua isiwe yake. Hilo nalo lilikuwa na sababu. Chini ya chama kimoja, mtu mmoja anayeilalamikia wilaya aliweza kuitwa mkorofi, au kuambiwa anarudisha nyuma juhudi za Chama. Halmashauri ya kijiji kilichoandikishwa ilikuwa ngumu zaidi kuitwa hivyo.

Barua iliyotoka, Aprili 1976, ilikwenda namna hii:

Kwa Mkurugenzi wa Maendeleo wa Wilaya, Kigoma.

Ndugu,

YAH: FEDHA NA VIFAA VYA UJENZI WA SHULE, MPANGO WA MWAKA 1975/76

Rejea barua yangu ya Oktoba 1975, na jibu lako kwamba suala linashughulikiwa.

Halmashauri ya Kijiji katika kikao chake cha Machi imeniagiza nikuandikie kama ifuatavyo.

Kijiji hiki kimo katika mpango wa wilaya wa mwaka huu kwa madarasa mawili. Hatuombi kuingizwa. Tunadai kilichokwisha kupitishwa.

Wananchi wamemaliza sehemu yao tangu Septemba. Wametoa siku-kazi 3,500 na tofali 18,000. Nakala ya daftari imeambatanishwa, na daftari lenyewe liko tayari kukaguliwa. Sehemu ya serikali ni bati 108, saruji mifuko 60, misumari, na malipo ya mafundi wawili. Mpaka leo hakijafika hata kimoja.

Ukuta wa mashariki umeanza kuinama kwa mvua. Ukianguka, wananchi wataniuliza mimi, nami nitawasomea barua hizi.

Tunaomba utujibu mambo mawili kabla ya tarehe 15 Mei. Kwanza, je, idhini ya fedha hizi imefika wilayani? Pili, kama imefika, vifaa vitapakiwa Liemba tarehe gani? Kama haijafika, tunaomba utuandikie hivyo, ili tumwandikie Mkurugenzi wa Maendeleo wa Mkoa.

Ofisa wa ujenzi anakaribishwa kuja kupima kazi siku yoyote. Chakula na mtumbwi ni juu ya kijiji.

Katibu wa Kijiji.

Nakala: Mkuu wa Wilaya, Afisa Elimu wa Wilaya, Katibu Kata, Jalada la Kijiji.

Ukiisoma haraka utadhani ukali wake uko kwenye neno tunadai. Neno hilo lilipita bila shida. Maswali mawili ndiyo yaliyobana zaidi. Swali la kwanza hujibiwa kwa ndiyo au hapana, na la pili kwa tarehe. Mtu hawezi kuyajibu kwa kusema yanashughulikiwa bila kuonekana amekwepa. Tena, kila jibu lilikuwa na gharama. Akisema fedha imefika, ataulizwa iko wapi. Akisema haijafika, ametoa karatasi inayoupeleka mzigo mkoani, na mkoa hautafurahi kuipata kutoka kwa kijiji.

Mkono wa pili wa barua ulikuwa mstari wa nakala. Chini ya utaratibu wa wakati huo Mkuu wa Wilaya alikuwa pia katibu wa TANU wa wilaya. Nakala moja ilifika kwa serikali na kwa Chama kwa bahasha moja. Na Chama kilikuwa na Mwongozo wake wa mwaka 1971, ambao kifungu chake cha 15 kilikataza viongozi kuwa na kiburi na kuwadharau watu. Wafanyakazi wa viwandani Dar es Salaam walikwisha kukitumia kifungu hicho dhidi ya mameneja wao. Katibu hakukitaja. Alijua kwamba Mkuu wa Wilaya anakikumbuka. Nakala kwa Afisa Elimu nayo ilikuwa na kazi yake, kwa kuwa ofisa huyo alitakiwa kueleza madarasa yako wapi ifikapo 1977, na alihitaji kuta zile kuliko mtu yeyote.

Kuna kitu ambacho barua haikusema, na hapo ndipo uamuzi wa katibu unastahili kuangaliwa. Kijijini kila mtu alisema pesa imeliwa. Yeye mwenyewe huenda aliamini hivyo. Lakini hakuandika, kwa sababu hakuwa na ushahidi. Kama angeandika, barua ingegeuka kuwa kesi ya matusi kwa ofisi, na bati zingesahaulika wakati watu wanabishana nani kamtukana nani. Barua kali iliyoandikwa kwa hasira inampa ofisa mlango wa kutokea. Hii haikuwa na mlango.

Jibu lilikuja kabla ya Mei 15, na mara hii lilikuwa na namba. Idhini ilikuwa imefika tangu Februari. Saruji haikuwepo Kigoma, inasubiri reli. Bati zipo na zitapakiwa. Malipo ya mafundi yatatolewa baada ya ofisa wa ujenzi kupima. Ofisa alikuja kweli, akapima, akasema ukuta wa mashariki ubomolewe hadi usawa wa madirisha na kujengwa upya. Kijiji kilinung'unika kwa siku tatu kisha kikabomoa. Tofali zilikuwa nzima. Udongo tu ndio uliokufa. Daftari lilionyesha tofali za akiba ziko ngapi.

Bati zilifika Juni 1976, siku chache kabla ya mwaka wa fedha kufungwa. Mitumbwi ilizitoa Liemba, na kwenye mtumbwi wa kwanza alikuwemo mtunza ghala wa wilaya akiwa na hati ya kupokelea mizigo. Hati iliandikwa bati 108. Katibu alizihesabu mchangani, mbili mbili, mbele ya watoto wote wa kijiji. Zilikuwa 70.

Mtunza ghala alieleza kwa upole kwamba 38 zinakuja kwa meli ijayo, ila hati ni lazima isainiwe nzima leo, kwa sababu hesabu zinafungwa Juni 30, na bila sahihi hata hizo 70 zitarudi. Hapo ndipo vijiji vingi vingeweza kupoteza haki yao. Mtu ana bati 70 mbele ya macho, watu wanashangilia, mafundi wamerudi, na karatasi inataka sahihi moja. Akisaini 108, bati 38 zimekwisha kufika katika vitabu vya serikali, hata kama hazikuwahi kuiona pwani ile. Hakuna barua itakayozirudisha, kwa maana ushahidi dhidi ya kijiji utakuwa mkono wa katibu mwenyewe. Na mtunza ghala huenda alikuwa mkweli. Hilo halikubadilisha kitu.

Katibu alichukua kalamu, akakata 108 kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, akaandika pembeni kwa tarakimu na kwa maneno: 70, sabini tu. Chini akaandika: pungufu 38, zinadaiwa. Akatia sahihi, akagonga muhuri, akamwita mwenyekiti atie sahihi yake, na akamwomba mtunza ghala atie ya kwake. Mtunza ghala alikataa. Katibu akaandika: mletaji amekataa kusaini. Kisha akabaki na nakala ya kaboni, na bati zikabaki ufukweni, maana hakuna aliyekuwa tayari kuzipakia tena kwenye mtumbwi mbele ya umati ule.

Bati 70 zilitosha kuezeka darasa moja na ofisi, na zilibaki chache zilizowekwa juu ya ukuta wa darasa la pili zikishikwa kwa mawe. Mafundi walilipwa Julai. Saruji ilikuja kwa mafungu, mifuko mingine imeganda kwa unyevu wa ziwa na kufaa tu kwa mawe ya hatua za mlango. Darasa lililoezekwa lilifunguliwa kwa zamu mbili, wadogo asubuhi na wakubwa mchana. Upande wetu wa ziwa, miaka hiyohiyo, serikali ya Zaire ilikuwa imezichukua shule za makanisa mwaka 1974, kisha ikazirudishia makanisa uendeshaji kwa mkataba wa Februari 1977, na mzazi akabaki mlangoni mwa direkta na zaire mkononi, hajui barua yake aielekeze kwa nani.

Jalada la kijiji lilipata karatasi nyingine mwanzoni mwa mwaka mpya wa fedha. Ilikuwa na tarehe ya Julai 1, 1976, na ilianza hivi: Ndugu, rejea hati ya kupokelea mizigo ya Juni, iliyosainiwa na kijiji kwa bati 70. Kijiji bado kinadai bati 38.